Maziwa ya mtoto ya tayari au ya unga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara (safari, gharama na usafi)

Haya ni kwa mtoto ambaye tayari anatumia maziwa ya kopo, iwe ndo maziwa yake yote au anaongezewa juu ya nyonyo. "Ya tayari" hapa ni yale ya kimiminika yanayokuja kwenye boksi au chupa, unatikisa, unafungua, unampa. "Ya unga" mnayajua.

Kwani tofauti yao si ni maji tu? Moja nimeongeza mwenyewe, nyingine kiwanda kimeniongezea

Ndivyo wengi tunavyodhani na mi nilidhani hivyo hivyo. Lishe kwa kweli inakaribiana sana, mililita 100 zilizo tayari kunywewa, za unga au za tayari, zina kalori kama 65 hadi 70, vitamini zilezile, mafuta yaleyale. Tofauti kubwa iko kwenye vijidudu. Maziwa ya tayari yanapikwa kwa joto kali kiwandani na kufungwa bila hewa ya nje kuingia, kwaiyo mpaka unapoyafungua hayana kijidudu hai. Unga haujawahi kuwa hivyo. Unga unakaushwa, na hata kiwanda kisafi kabisa hakiwezi kukuhakikishia kwamba kila kopo halina bakteria, na wale wawili wanaoogopwa zaidi ni kronobakta na salmonela. Kronobakta ndo mbaya kwa vichanga, si wa kawaida ila akimpata mtoto mdogo anaingia kwenye damu au kwenye utando wa ubongo. Na anastahimili ukavu, anakaa ndani ya kopo kavu muda mrefu sana akisubiri maji.

Mwaka 2001 kule Tennessee, Marekani, kichanga kwenye wodi ya watoto mahututi alifariki kwa huyo bakteria na uchunguzi ukaishia kwenye unga wa maziwa. Baada ya hapo mamlaka za kule zikaanza kuziambia wodi za watoto njiti zisitumie unga kama kuna mbadala.

Lakini mi nachemsha maji vizuri, yanapoa, nayaweka kwenye jagi safi ndo nachanganyia. Hapo tatizo liko wapi?

Hili ndo swali lenyewe la ukurasa huu kwaiyo nitakaa hapa kidogo. Ukichemsha maji umeua vijidudu vya kwenye MAJI. Sasa yakishapoa ukatia unga, nani ameua vijidudu vya kwenye unga? Hamna. Umewapa maji ya uvuguvugu na sukari ya maziwa, yaani umewatandikia na mkeka.

Maji yanatakiwa yawe na nyuzi 70 au zaidi wakati unga unaingia. Huo ndo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 na haujapitwa. Chemsha mpaka yatokote, acha yasimame kwenye birika lakini isizidi dakika 30, mimina kwenye chupa ya mtoto iliyochemshwa, tia vijiko sawasawa na lebo, funga, tikisa, alafu poza chupa haraka kwa kuishika chini ya bomba au kuitumbukiza kwenye bakuli la maji baridi, maji yasifike kwenye kifuniko. Dondoshea tone ndani ya kifundo cha mkono, ukihisi vuguvugu basi tayari.

Angalizo ambalo watu wanaliruka: hizo dakika 30 ni za birika lenye kama lita moja. Ukichemsha maji ya chupa moja tu yanapoa haraka zaidi, unaweza kukuta baada ya dakika 10 yameshashuka chini ya 70. Kama una kipimajoto cha jikoni pima mara mbili tatu na birika lako, ukishajua linavyopoa huhitaji kupima tena kila siku.

Lebo ya kopo langu inasema nipoze maji hadi nyuzi 40, nimsikilize nani?

Zipo lebo za hivyo, nyingine ni kwa sababu wameweka bakteria wazuri ndani ya unga na joto litawaua, nyingine ni kuogopa mtoto asiungue. Mtoto wa miezi kadhaa, mwenye afya, hatari yake ni ndogo. Ila kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, aliyezaliwa njiti, aliyezaliwa na uzito mdogo au mwenye kinga dhaifu, mi nisingeenda na maji ya 40 hata siku moja. Huyo ni maziwa ya tayari kama unayapata, kama huyapati ni unga kwa maji ya 70, na kama lebo inakataza kabisa maji ya moto muulize daktari wa mtoto akupe aina nyingine ya unga.

Kwaiyo nani hasa anahitaji ya tayari?

Hao niliowataja juu. Njiti pia umri wao unahesabiwa kuanzia tarehe waliyotarajiwa kuzaliwa, yaani aliyezaliwa wiki 8 kabla usimhesabu kama mkubwa kisa kafikisha miezi miwili tangu azaliwe.

Wa pili ni yule ambaye nyumbani au alipo hana jinsi ya kuchemsha maji, umeme umekata, gesi imeisha, mko kwenye mafuriko au mmehamishwa. Hapa watu wanakuja na dawa ya kutibu maji, vidonge vya klorini, na wanachanganyia unga humo. Klorini inasafisha maji, haigusi kilichomo kwenye unga.

Wa tatu ni safari, nakuja huko.

Mtoto wa miezi 7 mwenye afya, nyumbani, birika lipo na friji ipo, huyo unga unamtosha na kulipia ya tayari kila siku ni kuumiza mfuko bure.

Gharama, tofauti inakuwaje?

Usilinganishe bei ya kopo na bei ya boksi, linganisha bei ya mililita 100. Unga wa kawaida unatumia kama gramu 13 kutengeneza mililita 100. Kwaiyo kopo la gramu 400 linatoa kama lita 3, na la gramu 900 linakaribia lita 7. Chukua bei ya kopo la 900 gawa kwa 70, hapo una bei ya mililita 100 za unga. Ya tayari angalia boksi lina mililita ngapi, kama 200 gawa kwa 2. Mara nyingi utakuta ya tayari ni zaidi ya mara mbili, na zile chupa ndogo ndogo ndo zinaenda juu zaidi kwa sababu unalipia chupa kuliko maziwa.

Alafu hesabu na yanayomwagwa, hapa ndo watu wanapigwa. Mtoto anakunywa mililita 90, umefungua boksi la 200. Ukimimina 90 kwenye chupa yake na lililobaki ukalifunga ukaliweka friji chapchap, unaweza kulitumia ndani ya muda ulioandikwa kwenye boksi, wengine wanaandika saa 24 wengine 48. Kama huna friji, hiyo 110 iliyobaki isizidi saa mbili nje, na mtoto anakula kila baada ya saa tatu, kwaiyo inamwagwa. Yaani umelipia 200 mtoto amekunywa 90. Ukiona ndo maisha yako tafuta vipimo vidogo, kuna vya mililita 60 na kuna vya 90, bei ya mililita iko juu lakini humwagi.

Unga umepanda bei, nikiweka kijiko pungufu kopo lisogee siku mbili tatu?

Usifanye. Mtoto atajaza tumbo maji. Unaweza kuona anakojoa sana, nepi zimelowa, ukadhani anashiba vizuri, kumbe kilo hazipandi. Mbaya zaidi chumvi ya kwenye damu inashuka, mtoto analegea, anasinzia hovyo, mwili unakuwa wa baridi, mwisho degedege. Ya tayari nayo haiongezewi maji hata tone, imeshapimwa.

Na kijiko cha kuongeza ili "ashibe alale" nacho hapana, hapo unamzidishia chumvi na protini figo zake hazijaweza, anapata kiu, analia, choo kigumu, anaishiwa maji mwilini.

Kijiko tumia cha kopo hilohilo, maana kuna aina zinazotaka kijiko kimoja kwa mililita 30 za maji na nyingine kimoja kwa 60, ukihamisha kijiko umeharibu hesabu. Maji yanatangulia, unga unafuata. Ukitangulia na unga alafu ukajazia maji hadi mstari wa 120, unakuwa umeweka maji pungufu kwa sababu unga nao unachukua nafasi.

Nimeona kimiminika kwenye kopo la bati, bei rahisi kuliko boksi, ni yaleyale?

Soma lebo taratibu sana. Kuna aina ya tatu, kimiminika kizito ambacho kinatakiwa kuchanganywa na maji, kawaida nusu kwa nusu. Makopo yanafanana. Ukimpa mtoto kile kizito kama kilivyo umempa dozi mbili, ukikosea upande wa pili ukaongeza maji kwenye ya tayari umempa nusu. Kama mtoto analelewa na watu wawili watatu, shangazi, bibi, dada wa kazi, andika kwa maka juu ya kopo "ONGEZA MAJI" au "USIONGEZE MAJI". Linaonekana jambo la kitoto lakini usiku wa saa tisa hakuna anayesoma maandishi madogo.

Tunasafiri saa 14, mtoto ana wiki 6. Nibebe nini?

Tufanye hesabu. Tuseme ana kilo 4 na nusu. Kwa wastani anahitaji kama mililita 150 kwa kila kilo kwa siku nzima, hiyo ni 675, kwaiyo anakula kama mililita 90 mara 7 au 8. Ndani ya saa 14 ni milo 5. Ongeza milo 3 ya dharura maana gari huharibika na ndege huchelewa. Jumla milo 8.

Ukienda na unga, vijiko vitatu kwa mlo (aina ya kijiko kwa 30), ni vijiko 24, kama gramu 105 tu, unga unaingia kwenye vikopo vidogo vilivyopimwa, haulemei hata kidogo. Shida ni maji. Unahitaji kama mililita 720 ambazo bado zina nyuzi 70 kwenye mlo wa mwisho. Themosi nzuri ikijazwa pomoni na kufungwa inashika zaidi ya 70 kwa saa kadhaa, lakini kila ukifungua unapoteza joto na nafasi tupu inaongezeka, ikifika saa ya nane au ya kumi sikuahidi kitu. Na themosi yako unaijua wewe. Jaribu nyumbani kabla: isuuze kwa maji ya moto, ijaze maji yaliyotokota, fungua kila baada ya saa tatu umimine kidogo kama utakavyofanya njiani, pima. Ikishuka chini ya 70 saa ya sita basi unajua mwisho wako ni saa sita.

Kwa mtoto huyu wa wiki 6 mi ningebeba ya tayari milo yote 8, ya vipimo vidogo. Ya mililita 200 kwa boksi ni maboksi 8, karibu kilo 2, alafu zaidi ya nusu ya maziwa hayo unayamwaga. Ya 90 ni chini ya kilo moja ya maziwa na ufungaji wake juu. Na chupa za kunyonyea zilizochemshwa angalau 4, zimefungwa kila moja kwenye mfuko safi, au zile chupa ndogo zinazokuja na chuchu yake tayari imeshasafishwa kiwandani, unafungua unampa unatupa.

Mkifika, endelea na ya tayari kama unayapata, kama huyapati rudi kwenye unga kwa maji ya 70 ilimradi mlipofikia kuna jiko na usafi.

Na kama mtoto ni mkubwa kidogo na safari ni saa tatu nne?

Unga unatosha kabisa. Themosi ya maji ya moto, unga uliopimwa, chupa tupu iliyochemshwa, unachanganya papo hapo unapoza unampa. Usisahau kupoza, nimeshamuona mtu yuko kwenye basi hana maji baridi ya kupozea anapuliza chupa dakika 20 mtoto analia basi zima linageuka. Beba chupa ya maji ya baridi ya kumwagia nje ya chupa, au kibakuli.

Njia nyingine, tengeneza nyumbani, poza, weka ndani kabisa kwenye friji angalau saa moja (siyo mlangoni), toa wakati wa kuondoka, tia kwenye begi la baridi lenye barafu ya pakti. Hapo una saa 4. Bila barafu ni saa 2.

Uwanja wa ndege hawatanyang'anya?

Nchi nyingi sheria ya mililita 100 haihusu maziwa ya mtoto anayesafiri, unaruhusiwa kubeba ya kutosha safari. Yatoe kwenye begi, waambie wakaguzi mapema kabla mzigo haujapita kwenye mashine, wanaweza kuyapima au kukuomba ufungue moja. Ndo maana usiweke yote kwenye chombo kimoja kikubwa, wakifungua hicho saa zimeanza kuhesabu kwa yote. Unga nao wanaweza kuukagua. Angalia sheria za kila uwanja unaopita, siyo wa kuondokea tu. Na usiweke maziwa yote kwenye mzigo wa chini, mzigo hupotea.

Maji ya chupa ya dukani si ni safi, nichanganyie moja kwa moja?

Hapana. Ni safi kwa mtu mzima kunywa, hayajaondolewa vijidudu vyote, na zaidi ya hapo ni ya baridi, soma tena juu kuhusu nyuzi 70. Ukilazimika kuyatumia yachemshe, na angalia lebo, sodiamu iwe chini ya miligramu 200 kwa lita na salfeti chini ya 250.

Ya tayari lazima niipashe?

Si lazima. Joto la kawaida la chumba linatosha, mtoto akizoea ni raha sana safarini. Ukipasha weka chupa kwenye bakuli la maji ya moto dakika chache, maikrowevu hapana, inapasha sehemu moja inakuwa moto wa kuunguza mdomo huku nje ya chupa unahisi vuguvugu.

Mbona rangi yake ni ya kahawia kidogo, na mtoto anaikataa?

Lile joto kali la kiwandani linaunguza sukari na protini kidogo, ndo rangi ile na ladha tofauti kidogo. Haijaharibika. Jaribu mlo mmoja nyumbani siku kadhaa kabla ya safari, usije ukagundua njiani kwamba haitaki. Choo kinaweza kubadilika siku moja mbili, hilo la kawaida.

Iliyoharibika utaijua hivi: boksi limevimba, linavuja, kifuniko hakikutoa ule mlio wa "tak" kama kinatakiwa kutoa, au umetikisa vizuri na bado kuna mabonge na harufu ya uchachu. Tupa. Na lisiwe limeshinda kwenye gari juani wala kuganda kwenye friza.

Nikitumia ya tayari sihitaji kuchemsha chupa basi?

Unahitaji! Maziwa yasiyo na kijidudu ukiyamimina kwenye chupa yenye utando wa maziwa ya jana, umelipa hela nyingi ukarudi palepale. Mikono pia, na juu ya boksi kabla ya kukata. Kama huna jinsi ya kuchemsha chupa, mfano kwenye kambi au umeme umeenda siku tatu, tumia kikombe kidogo kilicho wazi cha plastiki ngumu au chuma. Hakina kona wala chuchu, unaosha kwa sabuni unaona kabisa kimetakata. Hata kichanga anakunywa kwa kikombe, mkalishe wima, gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, yeye alambe, usimmiminie.

Yaliyobaki kwenye chupa aliyonyonya naweza kuweka friji ampe baadaye?

Hapana, ya unga au ya tayari. Mate yameshaingia. Saa moja tangu aanze kunyonya, yaliyobaki mwaga. Yanauma lakini ndivyo.

Kopo la unga likifunguliwa linakaa muda gani?

Kama mwezi mmoja, andika tarehe juu ya kifuniko siku unayofungua. Sehemu kavu yenye ubaridi, siyo kwenye friji maana unyevu unaingia, na kijiko kikiwa na maji kisirudi ndani.

Naweza kuchanganya unga ndani ya maziwa ya tayari badala ya maji?

Hapana, hiyo ni dozi mbili kwenye chupa moja. Isipokuwa daktari wa njiti amekuandikia kipimo chake maalum.

Nitajuaje kama kijidudu kimempata?

Kichanga hakuambii kitu, unaangalia tabia. Ameacha kunyonya au ananyonya kidogo mno, joto limepanda au limeshuka mpaka ni wa baridi, analia kilio kisichotulia au kinyume chake amelegea haamki vizuri, utosi umevimba, degedege. Kwa mtoto chini ya miezi miwili dalili moja tu inatosha kwenda hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri asubuhi. Beba na kopo au boksi alilokuwa anatumia, usilioshe wala kulitupa, wakitaka kupima unga au kuangalia namba ya toleo iliyopigwa chini ya kopo watahitaji hilohilo.